Kikohozi cha Nyumba Mbili

Nianze na lile watu wa kwetu Roret wanalolipenda zaidi: ndiyo, mimi ni mwanamke, na ndiyo, nilivuta sigara. Tena sikuvutia chooni wala katikati ya majani chai kama mwizi. Nilivuta mlangoni kwangu, nimekaa kwenye kigoda, miguu nimeinyoosha, na aliyetaka kupita akashangaa alipita akashangaa. Kina mama wa kanisa waliniombea mpaka wakachoka. Mmoja aliniambia mwanamke anayevuta sigara hata kuku wake hawatagi. Nilimpelekea mayai.

Kwa hivyo sikuacha kwa sababu ya aibu. Hilo lieleweke mapema, maana kuna watu mpaka leo wanasimama kanisani kusema maombi yao yalifanya kazi. Maombi yao hayakufanya kitu. Kilichonitoa kwenye sigara ni koo langu mwenyewe, na kilichonizuia nisirudi ni ubishi.

Boma letu lina nyumba mbili. Ya juu ni ya baba yangu, ya chini ni yangu, ile niliyojengewa niliporudi nyumbani na mimba baada ya ndoa kunishinda. Mama alikwisha kufariki. Katikati ya nyumba hizo kuna jikoni, zizi la ng'ombe wawili, na mteremko wa majani chai unaoshuka hadi mtoni. Hapo ndipo tulipoishi mimi na mzee, kila mmoja na pakiti yake, na kila asubuhi tulisalimiana kwa kikohozi.

Sisemi mchezo. Nilikuwa nikifungua macho tu, kabla hata sijakumbuka leo ni siku gani, koo linaanza kuwasha. Kwanza ni kama ganda la mahindi limenata pale nyuma ya ulimi, halimezeki, halitemeki. Unasafisha koo, hm, hm, halitoki. Kisha kikohozi chenyewe kinapanda kutoka chini, kizito, cha maji maji, kinakuinua kitandani na kukukalisha. Unakohoa mpaka machozi yanatoka na mbavu zinauma. Halafu linatoka donge la kohozi, nene, la rangi ya uji wa wimbi, na unapata nafasi ya kuvuta hewa. Nikisha kutulia, nasikia kutoka nyumba ya juu: mzee naye ameanza. Jirani yetu wa ng'ambo alisema hana haja ya saa, akisikia nyumba mbili zinajibizana anajua wakati wa kukamua umefika.

Kisha tunawasha. Na hapa ndipo shetani alipokaa, kama mnataka kujua, hakukaa kwenye mwanamke kuvuta. Sigara ya kwanza ilituliza. Kweli kabisa! Unavuta mara tatu nne, na lile ganda linalala, kikohozi kinanyamaza, kifua kinakuwa shwari. Ndiyo maana kwetu sigara ya asubuhi iliitwa dawa. Baba yangu aliiita hivyo, na baba yake aliyevuta kiko aliiita hivyo. Nikiwa mtoto mdogo mzee alikuwa akinipa sigara niende nikamwashie kwenye moto wa jikoni, na ili isizimike njiani ilibidi niivute kidogo. Watoto wengi wa hapa walitumwa hivyo, wavulana kwa wasichana, na hakuna aliyesema kitu. Leo hao hao waliotutuma ndio wanaoshangaa tulijifunzia wapi.

Na chai. Sisi watu wa majani chai tuna ujinga wetu wa kipekee, na sioni haya kuusema. Tunaamini hakuna koo lisilosafishwa na chai ya moto. Moto wenyewe si wa mchezo, ni ule wa kutoka sufuriani moja kwa moja, kikombe hakishikiki. Tulikuwa tunaipiga hiyo juu ya sigara, tunasema inakwangua. Chai ikipoa kidogo mzee alikuwa anairudisha. Chai ya kupoa, alisema, ni ya mgonjwa na ya mtoto mchanga.

Basi mwaka ule, msimu wa mvua ndefu ulipoisha na baridi ya Julai ikaingia, nilikuwa nachuma majani asubuhi, kikapu kiko mgongoni, mikono inakwenda yenyewe. Kikohozi kikanishika katikati ya mstari. Hakikuwa cha asubuhi, maana cha asubuhi nilikuwa nimekwisha kukimaliza na kukivutia sigara. Kilinikunja mpaka paji la uso likagusa majani. Niliposimama, sauti haikuwapo. Nilitaka kumwita msichana wangu aliyekuwa mstari wa pili, nikafungua mdomo, kikatoka kitu kama mlango wa bati. Akaja mbio akanishika.

"Mama, leo tunaenda kwa daktari," akasema.

"Kuna baridi tu," nikamwambia, kwa ile sauti ya bati.

"Baridi gani ya kila asubuhi tangu nizaliwe?"

Huyo binti amerithi mdomo wangu, ndiyo shida yake. Wakati huo alikuwa amekwisha kunijulisha kwamba kuna kijana wa upande wa Sigowet, na watu wake walikuwa wanataka kuja Desemba kwa *koito*, ile siku wazee wa pande mbili wanakaa ndani ya nyumba kuulizana ukoo na kukubaliana ng'ombe. Kwa kuwa alizaliwa nikiwa mlangoni mwa baba yangu, mtoto ni wa mzee. Ni mzee ndiye angemsemea. Na mzee wetu ndiye aliyejua kuhesabu ukoo kuliko mtu yeyote wa kilima hiki, babu kwa babu, mpaka wale waliokuja na ng'ombe kabla ya mkoloni. Shida ni kwamba siku hizo mzee alikuwa hamalizi hata kuomba chumvi bila kukohoa katikati.

Tukaenda zahanati wote watatu, kwa sababu mzee alisema hawezi kubaki nyumbani peke yake kama mbuzi. Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye koti jeupe lililomzidi. Alituuliza tunavuta kiasi gani, tangu lini, kikohozi kina damu, tumekonda, tunatoka jasho usiku. Akatupa vikopo tutemee kohozi la asubuhi, lipimwe TB, kwa sababu mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili lazima apimwe, avute asivute. Akanimulika kooni kwa tochi akasema ni jekundu, limekasirika. Mzee alitumwa naye hospitali kubwa akapigwe picha ya kifua.

TB haikuwapo. Picha ya mzee haikuonyesha uvimbe, ila daktari alisema mapafu yamechakaa na hayatarudi kuwa ya kijana. Lakini koo na kikohozi, akasema, vinaweza kupungua sana, mkiacha. Mimi akaniambia sauti isiporudi katika wiki tatu nirudi haraka, nitumwe kwa wanaoangalia koo kwa kamera, nisikae nayo nikinywa dawa za dukani. Ilirudi. Lakini nilihesabu wiki hizo kama mtu anayengoja hukumu.

Nikamuuliza kile kilichokuwa kinanikera. "Daktari, kama sigara ndiyo inaleta kikohozi, mbona nikivuta kinatulia?"

Hakucheka. Alituambia kwamba ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo sana, havionekani kwa macho, kazi yake ni kufagia: vinasukuma uchafu na kohozi juu mpaka utoke. Moshi unavilaza. Usiku ukilala huvuti, vinaanza kuamka kidogo, asubuhi vinafagia, ndicho hicho kikohozi. Halafu unavuta, vinalala tena, na moshi unalitia koo ganzi. Unafikiri umepona. Kumbe uchafu umebaki ndani.

"Sasa msikie hili vizuri," akasema, "kwa sababu ndilo linalowarudisha watu. Mkiacha, kikohozi kinaweza kuzidi kwanza. Wiki kadhaa, wengine miezi. Vile vinyweleo vinaamka kabisa na kazi ya miaka iko hapo. Msiogope. Mkiona damu, au mkashindwa kupumua, njooni. Vinginevyo vumilieni."

Akaongeza kwamba tunywe maji mara nyingi, asali vuguvugu kama tunayo, na chai tuiache ipoe kidogo, maana tunaliunguza koo ambalo moshi umekwisha kulichubua. Mzee akaguna. Kuacha sigara alikuwa tayari kufikiria. Lakini kuambiwa aache chai ya moto, alionekana kama ametukanwa.

Tulipofika boma mzee akatoa pakiti yake mfukoni, akaiangalia.

"Wewe unaacha?" akaniuliza.

"Naacha."

"Basi na mimi. Sitaachwa nyuma na mtoto niliyemzaa."

Tukazitupa chooni, zake na zangu, na sina hadithi tamu ya siku zilizofuata. Nilikuwa mkali kama nyuki. Niligombana na ng'ombe. Mikono haikujua pa kukaa. Mzee alitafuna miwa, ile inayoletwa kutoka Soin kule chini kwenye joto, akatafuna mpaka mbele ya nyumba yake pakawa kama kiwanda cha sukari. Lakini hamu nilikuwa naijua itakuja, na hamu ina wakati, inapanda na kushuka ukiisubiri. Kitu ambacho sikuwa tayari nacho, ingawa niliambiwa wazi, ni kikohozi.

Weh! Kilizidi. Kilizidi vibaya. Zamani kilikuwa cha asubuhi, kikishapewa sigara kinakwenda zake. Sasa kilikuja asubuhi, kikaja nikichuma, kikaja nikiwa kwenye foleni ya kupima majani kituoni, kikaja kanisani wakati wa kimya. Koo likawa linawasha kama limepanguswa kwa upupu. Na vitu vilivyokuwa vinatoka! Makohozi yenye vipande vya rangi nyeusi, kama masizi ya dari ya jikoni. Mzee alikuwa ananiita nyuma ya nyumba niangalie yake, na mimi namwonyesha yangu, watu wazima wawili wameinamia majani ya mgomba wakilinganisha mate. Binti yangu alisema akiolewa hatawaeleza wakwe jambo hilo hata kidogo.

Watu wakaanza. Kila aliyepita alikuwa na ushauri. Wakati tunavuta hakuna aliyetupa ushauri wa kikohozi, walikuwa na ushauri wa Jehanamu tu. Sasa kila mtu alikuwa daktari. Mara sigara ndiyo ilikuwa imeshikilia kifua cha mzee, mara mwili wa mzee hauachishwi kitu ghafla, mara fulani wa ng'ambo aliacha na akafa mwezi huo huo. Yule fulani alikufa kwa kugongwa na tingatinga la kubeba majani, lakini hilo walilisahau.

Aliyeniudhi zaidi ni baba mdogo, mdogo wake baba. Huyu havuti, hanywi, na hajawahi kukosea tangu azaliwe. Alikuja siku moja mchana, nikiwa natoa maziwa kwenye kibuyu jikoni, nikamsikia nje anaongea na mzee chini kwa chini. Nilipotoka, mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejikunja, ametoka kukohoa vile vya kukata pumzi. Baba mdogo alikuwa ameshika pakiti mpya, na sigara moja alikuwa amekwisha kuitoa.

"Baba mdogo, ni nini hiyo?"

"Ni dawa. Umemuua huyu mzee na mambo yako ya zahanati. Mwangalie! Dawa ya moto ni moto. Avute moja ya asubuhi tu, kifua kitulie, Desemba iko karibu. Au unataka wageni waje wakute mtu wa kukohoa? Ama nimsemee mimi?"

Hapo nikaelewa. Alikuwa anataka kumsemea mtoto. Tangu ujana wake alitaka kukaa kile kiti cha mbele, na kikohozi cha ndugu yake kilikuwa kimempa njia.

Mzee hakuniangalia. Aliangalia sigara. Na mkono wake ulikuwa umeanza kunyooka.

Nawaambia, nilisikia hasira ikipanda kutoka kwenye nyayo. Haikuwa hasira ya baba mdogo peke yake. Ilikuwa ya kile kisigara chenyewe. Kwa sababu nilijua kwamba kingetuliza! Hiyo ndiyo iliyoniuma. Baba mdogo hakuwa mwongo. Mzee angevuta, kikohozi kingenyamaza kabla majivu hayajaanguka, na kilima chote kingesema, mnaona? Na mzee hangejaribu kuacha tena mpaka tumzike. Na mimi mwenyewe, mimi niliyesimama pale, harufu ya tumbaku mbichi ilinifikia puani nikajua ningeivuta hiyo hiyo akiiacha.

"Kama ni dawa," nikasema, "mbona duka la dawa halina?"

"Mtoto wa kike haamrishi wazee."

"Mtoto wa kike huyu ndiye anayempikia, anayemfulia, na anayesikia kikohozi chake usiku na mchana. Wewe unakisikia ukija Jumapili. Baba, niangalie mimi. Daktari alisema nini?"

Baba mdogo akamwekea mzee ile sigara magotini.

"Alisema kitazidi kwanza. Alisema au hakusema?"

"Alisema," mzee akajibu, taratibu.

"Sasa kimezidi. Yaani kila kitu kinaenda kama alivyosema, halafu sisi tunaogopa! Tungeogopa kama kingetulia bure. Uchafu unatoka, Baba. Juzi ulinionyesha mwenyewe. Ulikuwa mweusi, jana ulikuwa wa rangi gani?"

Alifikiri. Mzee wangu ni mtu wa haki, hata kwa mate yake. "Ulikuwa mweupe kidogo," akasema.

"Ehe!"

"Mweupe kidogo," akamwambia ndugu yake, kana kwamba anamwonyesha ndama mpya.

Baba mdogo akasema sisi ni wazimu wa baba na binti, akainuka. Ile sigara ilibaki kwenye magoti ya mzee. Sikuigusa. Nilitaka sana kuigusa, kuivunja, kuitupa jikoni, lakini nikajiambia hapana, nikimnyang'anya leo nitamlinda mpaka lini? Nikarudi jikoni nikaendelea na maziwa. Nilipotoka tena, mzee alikuwa ameipasua vipande vidogo vidogo na kuku walikuwa wanavichungulia kwa dharau. Alikuwa anakohoa, na anafukuza kuku, na anakohoa.

Nikamletea maji vuguvugu na asali. Akanywa. "Hii chai yenu ya wagonjwa," akasema. Lakini alimaliza kikombe.

Sitawadanganya kwamba kesho yake tulipona. Kiliendelea. Lakini tangu siku ile sikukiogopa, nikawa nakohoa kwa makusudi, kifua mbele. Mtu akinitazama kituoni namwambia, ndiyo, natoa taka, wewe zako umeziweka wapi? Mikokoteni ya majani ilipita, mvua fupi zikaanza, na kidogo kidogo bila kuaga mambo yakabadilika. Nilianza kugundua kwa kukosa. Nikachuma mistari miwili mizima kabla sijakumbuka kukohoa. Nikala mahindi ya kuchoma bila kutafuta maji. Kohozi la asubuhi likawa dogo, jepesi, likitoka mara moja na kuisha.

Kisha ikaja asubuhi moja nikafungua macho, nikangoja. Nilikuwa nimezoea kungoja lile ganda. Nikameza mate. Yakapita. Nikameza tena, nikidhani bado sijaamka vizuri. Yakapita tena, laini, kama koo la mtu mwingine. Nilikaa kitandani nikimeza mate ya bure kama mjinga na nikacheka peke yangu. Furaha niliyokuwa nayo sijui niifananishe na nini. Tangu nikiwa msichana sikuwahi kujua kwamba koo ni kitu ambacho mtu anaweza kuamka na asilisikie kabisa.

Jirani wa ng'ambo alikuja kulalamika kwamba amechelewa kukamua. Nikamwambia anunue saa.

Mzee alienda polepole kuliko mimi. Miaka yake ya moshi ni mingi, na daktari alikuwa amekwisha kusema. Mlima wa kutoka mtoni bado ulimsimamisha mara mbili tatu, na asubuhi bado alikuwa na kikohozi chake, ingawa kifupi, cha kusafisha tu. Lakini sauti ilikuwa imerudi. Ile mikwaruzo iliondoka juu yake kama ukoga unavyotolewa kwenye sufuria, na chini yake ikatokea sauti niliyokuwa nimeisahau, nzito, ya mtu anayeita ng'ombe kutoka kilima cha pili na wanakuja.

Desemba ikafika. Wageni wa Sigowet wakaja wamevaa makoti, wakasimama nje mpaka wakakaribishwa, kama inavyotakiwa. Wazee wakaingia nyumba ya juu. Sisi wanawake tulikuwa jikoni na nje ya dirisha, tunajifanya hatusikilizi. Baba mdogo alikuja mapema kuliko wote, amevaa tai, akakaa karibu kabisa na kile kiti cha mbele. Nilijua anangoja nini. Na mimi nilikuwa na hofu, kwa sababu nilijua chumba kitajaa watu, kuna vumbi, kuna joto, na hesabu ya ukoo ni ndefu, haitaki mtu wa pumzi fupi. Ukikatika katikati, wageni wanaangaliana, na aliye pembeni anachukua maneno.

Mzee akasimama. Akawasalimia. Akaanza kutaja wazee wetu, mmoja baada ya mwingine, nani alimzaa nani, nani alihama kutoka wapi, ili wageni wapime kama damu zetu zimewahi kukutana. Sauti ilikuwa imara. Nilikuwa nimeshika mwiko, sikorogi chochote.

Alipofika kwa babu wa babu yake, kikaja. Nilikisikia kabla yake, ile hm ya kwanza. Kisha akakohoa. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Wageni wakaangaliana.

"Ndugu yangu anaumwa," nikamsikia baba mdogo, na kiti kikasogezwa. "Niruhusuni niendelee mimi."

Binti yangu alinishika mkono akaufinya. Nilitaka kupita dirishani.

"Kaa chini," mzee akasema.

Hakusema kwa ukali. Akasafisha koo mara moja, akatema kwenye leso yake bila haraka, akaikunja, akanywa maji yaliyokuwa mbele yake. Watu wote walingoja. Wageni walingoja, wazee walingoja, na baba mdogo na tai yake alingoja.

"Hiki si ugonjwa," mzee akawaambia wageni. "Ni usafi. Sigara nimeiacha, na nyumba ikifagiliwa vumbi lazima liruke. Mnaochukua mtoto wangu mtaweza kungoja vumbi litulie."

Mzee mmoja wa upande wao akacheka, kisha wote wakacheka, na mzee akaendelea pale pale alipoachia, kwa babu wa babu yake, hakupoteza hata jina moja. Akapanda mpaka wa juu kabisa. Kisha, kwa kuwa pumzi ilikuwapo, akateremka upande wa mama yake. Kisha akakumbuka shangazi mmoja aliyeolewa mbali. Kisha akaanza habari za binti yangu: jinsi alivyozaliwa mlangoni pake, jinsi alivyomshika mkono akajifunza kutembea kati ya majani, na kwamba hakuna mtu wa ukoo wowote atakayemwambia ni mtoto asiye na baba akiwa yeye bado anaongea.

Nyama ilikuwa imekwisha kuiva. Mmoja wa wageni akakohoa kwa adabu, kile kikohozi cha mtu mwenye njaa, na akasema, "Mzee, tumekubali. Yote tumekubali. Sasa turuhusu tule."

"Bado," mzee akasema.

Kina mama wakaniangalia, vijiko mikononi, wakisubiri niwape ruhusa ya kupakua. Nikawaambia wafunike masufuria. Mzee bado anaongea.